Tangazo la Saa Kumi na Moja

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu hakuna daftari lililopita mikononi mwake bila kusimamishwa kwa sentensi iliyokosa nukta. Alifundisha sayansi katika shule ya msingi yenye madarasa yaliyopakwa rangi ya kijani nusu ukuta, na hasira zake zilikuwa fupi na kicheko chake kirefu. Wazazi walimpenda, ila walikuwa na lawama moja waliyokubaliana wote: matangazo yake yalikuwa marefu mno. Yalianza na salamu, yakaingia kwenye historia ya jambo, yakazunguka, na lile alilotaka kusema likajificha karibu na mwisho, pale ambapo mtu aliyesimama jikoni na simu mkononi alikuwa ameshaacha kusoma.

Mwaka ule shule yake ilikuwa na darasa la mtandaoni la pamoja na shule rafiki ya ng'ambo. Kila Jumatano watoto wa darasa la sita walikaa majumbani kwao mbele ya simu za wazazi, na wenzao wa huko wakakaa darasani kwao mbele ya skrini kubwa, wakajadiliana mambo ya jua, maji na hewa. Kwa wenzao hao lilikuwa somo la saa nane mchana, na halikuwa na nafasi nyingine katika ratiba yao. Kwa hapa lilianza saa kumi na moja jioni, kwa kuwa wakati wa baridi yao sisi tuko mbele yao kwa masaa matatu.

Mambo yaliharibika mwezi wa tatu. Mwalimu mwenzake wa ng'ambo alimwandikia kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huo watapeleka saa zao mbele. Mwalimu Nukta akasoma "mbele", akawaza kama yeyote angewaza, kwamba basi darasa nalo linakwenda mbele. Akawatangazia wazazi saa kumi na mbili. Kumbe ilikuwa kinyume. Wenzao walipopeleka saa mbele, saa nane yao iliwahi kufika, na kwa hapa ilikuwa saa kumi tu. Watoto walipofungua simu saa kumi na mbili, walikuta giza na maandishi kwamba mwenye mkutano hayupo. Walikaa wameoga na kuchana nywele, wengine wameshavaa sare, wakaikodolea macho skrini isiyosema neno. Wenzao walikuwa wamewasubiri kipindi kizima, wakaondoka zao.

Kesho yake mkuu wa shule alimwita ofisini. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimwambia kwamba kuna shule nyingine mjini zinaulizia nafasi hiyo, na kwamba kosa la pili litakuwa gumu kulitetea. Mwalimu Nukta alitoka pale akitamani ardhi ipasuke immeze. Aliomba radhi kwa wazazi, kwa watoto, kwa mwenzake wa ng'ambo, darasa likahamia saa kumi, maisha yakaendelea. Lakini tangu siku ile kila alipoona neno "Oktoba" kwenye kalenda alilipigia mstari, maana alijua saa za wenzao zitarudi zilikotoka.

Oktoba ikaja. Na safari hii Jumatano ya kwanza baada ya mabadiliko haikuwa siku ya kawaida. Ndiyo siku ambayo watoto wa hapa walipangiwa kuwasilisha kazi yao ya miezi miwili, na mkuu wa shule alikuwa amesema atakuja kukaa mwenyewe aone.

Hesabu aliifanya mara tatu, akachora mistari kwenye karatasi, akamwandikia mwenzake wa ng'ambo kumuuliza waziwazi: saa nane yenu ya Jumatano hiyo, kwetu itakuwa saa ngapi? Jibu likaja vilevile alivyohesabu. Wao wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo saa nane yao inachelewa kufika, na darasa hapa linatoka saa kumi na kurudi saa kumi na moja. Hesabu ilikuwa sawa. Kilichobaki ni kuwaambia wazazi, na hapo ndipo alipoanza kutokwa na jasho.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kimoja kirefu chenye ufa kwenye kona, na benchi la wateja ambalo nusu yake hukaliwa na watu wasiokuja kunyolewa. Mwalimu alimsomea rasimu yake Jumamosi asubuhi, mashine ikiunguruma kisogoni mwa mteja. Kinyozi akasikiliza hadi mwisho, akazima mashine, akasema, "Mke wangu, hapo nimeelewa kwamba wazungu wana baridi. Mengine sijui."

Badala ya kukasirika, Mwalimu Nukta akapata wazo. Pale kwenye benchi palikuwa na watu wa kila namna: fundi bomba, dereva wa lori, mwuza vocha, na mzee mmoja mwenye kipara kinachong'aa ambaye hakuna aliyejua huwa anafuata nini kwa kinyozi. Hao ndio wazazi wake hasa, au watu kama wao. Akaandika rasimu fupi, akampa kila mmoja simu asome, na akawauliza swali moja tu: wewe mtoto wako ungemkalisha mbele ya simu saa ngapi?

Rasimu ilisema: "Saa za shule rafiki zitarudi nyuma, hivyo darasa letu litasogea saa moja mbele."

Fundi bomba alisoma akajibu saa tisa, kwa maana saa zimerudi nyuma, kwa hiyo watoto nao wawahi. Dereva wa lori akasema yeye angerudisha nyuma saa yake ya ukutani kwanza, kisha angefuata saa kumi kama kawaida. Mwuza vocha, kijana mwenye haraka, hakusoma yote. Aliona "saa moja", akasema angemkalisha mtoto saa moja jioni, ila hiyo saa ni ya kula, mngewafikiria na watoto.

"Haijaandikwa saa moja jioni," Mwalimu akasema. "Imeandikwa saa moja mbele. Muda wa saa moja."

"Mwalimu, saa moja ni saa moja," mwuza vocha akajibu. "Mimi nimeiona kwa macho yangu."

Benchi zima likacheka, na Mwalimu Nukta akacheka nao. Tangazo moja, sentensi moja, na watu watatu wamempa majibu matatu, yote mabaya. Kama angelituma vile, Jumatano ingekuwa mwezi wa tatu mara tatu.

Mzee wa kipara ndiye aliyebaki. Alisoma taratibu akisogeza midomo, akamrudishia simu. "Mwanangu, mimi hizi habari za saa za watu za nini?" aliuliza kwa upole. "Wazibadilishe, wazitupe kisimani, mimi nifanyeje? Niambie nije lini."

Mwalimu Nukta alikaa kwenye benchi pale pale, akafuta yote. Akafuta baridi, akafuta nyuma na mbele, akafuta "saa moja" kabisa isionekane mahali popote. Akaandika upya, akawapitishia tena wateja wale wale na wengine wawili waliokuwa wameingia. Safari hii wote walijibu sawasawa, hata mwuza vocha aliyesoma akiwa na mguu mmoja nje. Tangazo lilikuwa hivi:

"Wazazi wapendwa. Jumatano hii darasa la mtandaoni litaanza SAA KUMI NA MOJA JIONI. Kwenye simu inaandikwa 17:00. Si saa kumi tena. Itakuwa hivyo kila Jumatano hadi mwisho wa mwezi wa tatu, nami nitawakumbusha kabla ya kubadilika. Saa zenu msiziguse, wanaobadilisha ni wenzetu. Tafadhali usinijibu 'sawa'. Niandikie saa utakayomkalisha mtoto."

Hapakuwa na salamu ya kuzunguka wala historia. Kinyozi alilisoma, akamtazama mkewe kwenye kioo, akasema kwa heshima ya kutania kwamba nukta zote zipo.

Alilituma kwenye grupu la wazazi Jumapili mchana. Majibu yakaanza kuingia. Saa kumi na moja. Saa kumi na moja jioni Mwalimu. 17:00. Mama mmoja akatuma kidole gumba, Mwalimu akamwandikia kwamba kidole hakina saa, mama akacheka kwa maandishi na kuandika saa. Baba mmoja akajibu saa kumi. Huyo Mwalimu Nukta alimpigia simu papo hapo, ikabainika kwamba alikuwa hajasoma, amejibu kwa mazoea. Kufikia Jumatatu jioni alikuwa amebakiza mzazi mmoja tu kimya, na huyo ndiye aliyemhofia kuliko wote.

Alikuwa mlinzi wa ghala moja kubwa la saruji. Binti yake ndiye aliyechaguliwa na wenzake kuwasilisha kazi siku ya Jumatano, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo inayokua pale tu anapoanza kuhesabu. Kazi yenyewe ilihusu jua. Tangu mwezi wa tisa, shule zote mbili zilikuwa zikiandika jua limetoka saa ngapi na limezama saa ngapi, na kwa upande wa hapa shahidi mkuu wa mapambazuko alikuwa baba wa yule binti. Wengine walikuwa usingizini. Yeye alikuwa getini, macho mashariki, na kila asubuhi alipofika nyumbani alimwambia binti yake dakika aliyoliona jua, kabla hata hajavua koti.

Jibu lake lilikuja kwa sauti, sio kwa maandishi. Sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kwa jambo lisilo kosa lake. "Mwalimu, shikamoo. Tangazo nimelielewa vizuri. Ila tangu nihamishiwe zamu ya usiku, saa kumi na moja ndiyo saa ninayotoka nyumbani, na simu ni hii moja. Kazini hawaruhusu nikae bila simu, msimamizi hupiga kila mara kuulizia geti. Saa kumi nilikuwa naweza. Hii siwezi. Labda wamchague mtoto mwingine."

Alikuwa mkubwa kwa Mwalimu kwa miaka mingi, lakini alimwamkia shikamoo kama wazazi wengi wanavyowaamkia walimu wa watoto wao. Mwalimu Nukta aliisikiliza sauti ile mara mbili, ameshika tama. Alikuwa amejisifu kimoyomoyo kwamba tangazo limeeleweka. Kumbe mtu anaweza kuelewa neno kwa neno na bado asiweze kuja.

Alimwandikia mwenzake wa ng'ambo kuuliza kama siku hiyo moja wangeweza kuwahi kwa kipindi kimoja. Jibu lilikuwa la masikitiko: kabla ya hapo watoto wake wako kwenye hesabu na mwalimu mwingine, na chumba chenye skrini kinatumiwa na darasa jingine. Kengele ya shule yao haikuhama, ilifuata saa mpya kama kila kitu kingine huko.

Basi Jumanne baada ya masomo akavaa viatu vya kutembelea, akaenda nyumbani kwa mlinzi. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili kwenye ua wanamopanga watu wengi. Mlinzi alikuwa ameamka tu, amekaa kwenye kigoda anapiga koti lake brashi. Binti alikuwa chumbani, na pazia halikuzuia kitu. Mwalimu alianza kusema kwamba angempeleka mtoto shuleni atumie simu yake yeye Mwalimu. Mlinzi akatikisa kichwa. Shule ni mbali, na darasa likiisha giza litakuwa linaingia. Nani atamrudisha, na yeye yuko getini?

Hapo ndipo mlango wa pili wa ua ukafunguka. Akatoka fundi cherehani, mama wa makamo mwenye tepi shingoni na pini mbili mdomoni. Alizitoa pini kwanza ndipo aseme.

"Samahani, kuta hizi ni karatasi, nimesikia. Simu yangu mimi inakaa tu mezani pale. Mtoto aje chumbani kwangu."

Mlinzi akaanza kusema kwamba asijisumbue, Jumatano ni siku ya kazi, na cherehani yake ina kelele. Fundi akamkata kauli, kwa upole lakini kwa namna isiyo na mlango wa kutokea. "Kaka, kelele ya cherehani ni mguu wangu. Nitauondoa. Nguo za watu zitangoja, na wenye nguo nitawaambia kwamba mtoto wetu alikuwa anaongea na ng'ambo."

Nyuma ya pazia kulisikika kitu kama mtu anayerukaruka peku. Mlinzi akainamisha kichwa kwenye koti lake, akaendelea kulipiga brashi mahali palipokwisha kuwa safi. Kisha akachukua simu yake, na mbele ya Mwalimu akaandika kwenye grupu, herufi moja moja: "Saa kumi na moja. Kwa shangazi yake jirani."

Jumatano, kabla ya wakati, Mwalimu Nukta alikaa kwenye chumba cha walimu mbele ya kompyuta ya shule, mkuu wa shule kiti cha pembeni, mikono ameikunja kifuani. Kiungo cha darasa kilifunguka. Mwenzake wa ng'ambo alikuwa ameshaingia, anarekebisha kamera, nyuma yake watoto wamejipanga. Kwa upande wa hapa kulikuwa na kisanduku kimoja tu, chake mwenyewe. Mkuu wa shule akatazama saa ya ukutani.

Kisha kisanduku kikachipuka, cha mtoto aliyekaa chini ya kalenda. Kingine, paji la uso na dari. Kingine, na kingine, vikawa vinaruka juu ya skrini kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria, hata kompyuta ikaanza kuvipanga kwenye ukurasa wa pili. Yule wa baba aliyejibu kwa mazoea alikuwepo. Wa mama wa kidole gumba alikuwepo, na mama mwenyewe amechungulia. Mwalimu aliita majina, na kila jina likaitika. Mwisho kikatokea chumba chenye vitambaa vya kila rangi ukutani, na katikati yake binti wa mlinzi, mgongo umenyooka, na mkono wenye tepi ukimwekea simu sawa juu ya kasha la nyuzi.

Darasa zima limo. Mkuu wa shule akakunjua mikono.

Binti alianza kwa sauti ndogo, Kiingereza chake cha shuleni kikitetemeka. Aliinua karatasi la manila lenye mistari miwili. Mstari wa wenzao ulikuwa unapanda kama mtu anayekwea mlima, kila wiki jua linachelewa kutoka. Mstari wa hapa ulikuwa umelala, karibu sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kufikia hapo alikuwa ameanza kuhesabu, na sauti ikakua. Alieleza kwamba wao wako mbali na mstari wa ikweta, siku zao hurefuka na kufupika, ndiyo maana wanahangaika na saa zao. Sisi tuko karibu na mstari huo, jua letu huamka karibu wakati ule ule mwaka mzima.

Mvulana mmoja wa ng'ambo akainua mkono akauliza kama ni kweli kwamba huku watu huita saa kwa hesabu nyingine.

"Ni kweli," binti akajibu. "Jua likitoka ndipo tunaanza kuhesabu. Muda wa saa moja ukipita, tunasema saa moja. Nyie saa hii mnasema ni ya pili mchana. Sisi huko kwenu tungesema saa nane. Baba yangu anaona jua linapotoka kila siku, kwa hiyo yeye yupo wakati siku inaanza kuhesabiwa."

Darasa la ng'ambo likalipuka kwa makofi, na mwalimu wao akapiga pamoja nao. Wakataka kujua zaidi. Waliuliza usiku unahesabiwaje, waliuliza baba anakaa wapi akiliona jua. Kipindi kilikwisha na mikono bado iko juu, na mwenzake wa ng'ambo akamwuliza Mwalimu Nukta kama yule msichana angeweza kuendelea wiki ijayo, maana watoto wake hawakuwa tayari kuondoka. Kisha akaongeza jambo lililomfanya mkuu wa shule acheke kwa sauti: kwao wazazi wawili walikuwa wamewafikisha watoto shuleni mapema mno Jumatatu kwa kuchanganya saa, na angefurahi kuona tangazo alilowaandikia wazazi wake, hata kwa tafsiri.

Skrini ilipozimwa, mkuu wa shule alisukuma kiti chake nyuma. "Muhula ujao nataka darasa la tano nalo liingie," alisema akiinuka. "Ratiba uipange wewe. Na matangazo ya shule nzima, kuanzia leo, yapite kwako kabla hayajatoka."

Mwalimu Nukta alishukuru kwa utulivu, akafunga kompyuta, akasubiri mpaka hatua za mkuu zipotee kwenye ukumbi. Kisha akapiga ngumi mbili hewani, peke yake, kama mtoto aliyefunga goli.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita barabara ya maghala, jua linazama nyuma ya mapaa ya mabati, hadi kwenye geti lenye vumbi la saruji. Mlinzi alimwona kwa mbali akasimama, uso umekunjamana kwa wasiwasi, kwa kuwa mwalimu hafuati mzazi kazini bila sababu. Kwa pumzi moja Mwalimu akamweleza yote: karatasi la manila, mistari, makofi, maswali, na lile alilosema binti kuhusu baba yake.

Mlinzi alivua kofia. Akaitazama, akaivaa tena, akainyoosha.

"Alisema mbele ya wote?" aliuliza.

"Mbele ya shule mbili."

"Hebu rudia, Mwalimu. Hapo aliponitaja."

Mwalimu Nukta akarudia, polepole, neno kwa neno, na mlinzi akasimama wima getini kwake kama mtu anayepokea gwaride. Lori moja likaja likapiga honi ya kufunguliwa. Mlinzi akainua kiganja kulisimamisha, na dereva akangoja mpaka Mwalimu alipomaliza.